Saa 08:00 si saa nane: kuandaa maandishi ya Kiswahili yasomwe na sauti sanisi

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga katika Bonde la Kilombero kiliniomba niligeuze tangazo lao la mafunzo kuwa sauti, ili lisambazwe kwa simu na kusikilizwa hata na wasiopenda kusoma. Tangazo lilikuwa safi kwenye karatasi. Nililiingiza katika injini ya sauti, nikasikiliza sentensi mbili za mwanzo, nikaridhika, nikalituma. Katikati ya tangazo, maandishi yalisema mafunzo yataanza 08:00. Sauti ikatamka, kwa ufasaha kabisa, «saa nane kamili». Baadhi ya watu wakafika saa nane mchana, wakati wenzao walikwisha kutawanyika tangu saa sita.

Kosa lilikuwa langu, wala si la mashine. Msomaji binadamu aliyezaliwa Ifakara, akiona 08:00 kwenye tangazo la Kiswahili, husoma «saa mbili asubuhi» bila kufikiri. Injini haina mazoea hayo. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua sauti sanisi ya Kiswahili, na namna ya kuyarekebisha maandishi kabla ya kuyakabidhi kwa sauti hiyo, hasa katika sehemu tatu zinazoharibika mara nyingi: tarakimu, vituo na majina.

Injini husoma kwa hatua mbili

Ni vizuri kutenganisha kazi mbili ambazo injini huzifanya. Kwanza huyasawazisha maandishi: hugeuza tarakimu, vifupisho na alama kuwa maneno yanayoweza kutamkwa. Kisha huyageuza maneno hayo kuwa mawimbi ya sauti, pamoja na shadda, kiimbo na mapumziko.

Hatua ya pili imekuwa nzuri sana kwa Kiswahili, kwa sababu tahajia yetu inalingana kwa karibu na matamshi, na shadda kwa kawaida huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hatua ya kwanza ndiyo yenye mitego. Hapo mashine inatakiwa kujua ngeli ya nomino, mpangilio wa saa za Kiswahili, na maana ya nukta iliyomo katika «Sh.» au «Dkt.». Kwa hiyo kanuni kuu ya makala haya ni fupi: kazi ya hatua ya kwanza ifanywe na mwandishi, ili mashine ibakiwe na kazi ya hatua ya pili tu.

Kanuni hiyo ina tokeo moja la lazima. Maandishi ya kusomwa na sauti huwa ni nakala tofauti na maandishi ya kuchapwa. Ihifadhi nakala ya kuchapwa jinsi ilivyo, na nakala ya sauti iandikwe kivyake, hata ikiwa na mikato ambayo mwalimu wa insha asingeikubali.

Kuchagua sauti

Huduma ya Azure ya kampuni ya Microsoft ina sauti nne za Kiswahili. Mbili ni za Tanzania: `sw-TZ-RehemaNeural`, ya kike, na `sw-TZ-DaudiNeural`, ya kiume. Mbili ni za Kenya: `sw-KE-ZuriNeural`, ya kike, na `sw-KE-RafikiNeural`, ya kiume. Herufi mbili za pili katika kila jina ni msimbo wa nchi, na ndizo za kutazamwa kwanza. Msikilizaji wa Mlimba au Malinyi hataachwa njiani na sauti ya Kenya, lakini kiimbo chake kitamwambia kwamba msemaji ni mgeni, na katika maelezo ya kilimo au afya ugeni huo hupunguza usikivu.

Kwa asiyetaka kutegemea mtandao, zipo modeli zinazopakuliwa na kuendeshwa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Programu ya Piper ina sauti ya Kiswahili iliyowekewa msimbo `sw_CD`, yaani ya Kongo; ni ya kusikilizwa kwa makini kabla ya kuitumia Morogoro. Kampuni ya Meta ilitoa mwaka 2023 modeli za mradi wa MMS, na ya Kiswahili inaitwa `facebook/mms-tts-swh`. Leseni yake hairuhusu matumizi ya kibiashara, jambo ambalo mfasiri wa kulipwa anapaswa kulizingatia. Aidha, modeli ya aina hii hupokea herufi, wala haina mfumo kamili wa kuzisawazisha tarakimu. Ukiiandikia tarakimu, huenda ikaziruka kimya kimya. Hapo kuandika namba kwa maneno hakuepukiki.

Usichague sauti kwa kusikiliza salamu au sentensi ya kujitangaza ambayo kila huduma huiweka mbele. Sentensi hizo hazina mtego. Tunga sentensi tatu au nne zenye mambo yatakayokuwamo katika kazi yako, kisha zisikilize kwa kila sauti, kwa kifaa kilekile watakachotumia wasikilizaji. Sauti nzito inayopendeza kwenye visikilizio vya ofisini inaweza kufifia kwenye spika ndogo ya simu iliyowekwa juu ya meza sokoni.

Tarakimu na ngeli

Mzizi wa tatizo la tarakimu ni kwamba namba ya Kiswahili haina umbo moja. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na nomino. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo «8» katika «vijiji 8» ni vinane, katika «mifuko 8» ni minane, katika «wakulima 8» ni wanane, na katika «ekari 8» ni nane. Injini isiyotazama nomino iliyotangulia itasema «mifuko nane» na «vijiji mbili». Msikilizaji ataelewa, lakini kila mara atakumbushwa kwamba anayezungumza hajui Kiswahili.

Upatanisho huo haukomi kwenye namba ndogo. «Wakulima 21» ni wakulima ishirini na mmoja. «Miche 32» ni miche thelathini na miwili. Hapa ndipo hata mwandishi mzuri huteleza, kwa kuwa amezoea kuandika tarakimu na kumwachia msomaji kazi ya kupatanisha. Namba za mpangilio nazo zina umbo lake: «wiki ya 1» ni ya kwanza na «wiki ya 2» ni ya pili, si «ya moja» wala «ya mbili».

Saa zinahitaji hesabu. Iwapo chanzo kimeandikwa kwa mfumo wa saa 24, namba iliyo kati ya 7 na 18 itolewe 6. Iliyo kati ya 19 na 24 itolewe 18. Na iliyo kati ya 1 na 6 iongezwe 6. Kwa hiyo 08:00 ni saa mbili kamili asubuhi, 13:30 ni saa saba na nusu mchana, na 19:00 ni saa moja kamili usiku. Usiache kutaja kipindi cha siku. Hata chanzo kilichokwisha kuandikwa kwa saa za Kiswahili, kama «saa 2:00», kiandikwe kwa maneno, kwani nukta pacha na sifuri mbili zinaweza kutamkwa kwa namna yoyote.

Vipimo vina kasoro ya mpangilio. Katika Kiswahili kipimo hutangulia namba, lakini majedwali mengi huandika «12 km», na injini itafuata ilivyoandikwa: «kumi na mbili kilomita». Tena «km» bila nukta ni kilomita, ilhali «k.m.» ni «kwa mfano», usizitarajie mashine zote zitofautishe. Alama ya «x» katika «20 x 20» iandikwe «kwa», na kistari katika «2-3» kiandikwe «hadi». Kistari kisipotamkwa, msikilizaji husikia «miwili mitatu», usemi ambao kwetu humaanisha idadi ya kukadiria tu, si mipaka iliyopimwa.

Kituo kinapobadilisha fedha

Lipo jambo moja ambamo tarakimu na vituo hukutana, na ndilo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi. Chukua bei ya shilingi 45,000. Kwa maneno ni «shilingi elfu arobaini na tano». Sasa chukua 40,005. Kwa maneno ni «shilingi elfu arobaini na tano» vilevile. Maandishi hayatofautiani hata kwa herufi moja; tofauti imo katika kituo. Msemaji anayekusudia 45,000 huyafunga maneno «arobaini na tano» kwa pumzi moja. Anayekusudia 40,005 hutua kidogo baada ya «arobaini».

Katika bei za kawaida muktadha huokoa, kwani hakuna anayeuza kitu kwa shilingi 40,005. Lakini fikiria 250,000, yaani «elfu mia mbili na hamsini», ambayo yaweza pia kuwa 200,050. Au idadi ya watu, kura na vipimo vya maabara, ambamo namba zote mbili zinawezekana. Sauti sanisi huweka mapumziko kwa kukisia, na hupenda kutua kabla ya «na» kwenye mfuatano mrefu wa maneno.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kugeuza mpangilio: «arobaini na tano elfu» ni 45,000 bila shaka yoyote. Ya pili ni kutumia laki pale inapofaa: «laki mbili na elfu hamsini» haina utata. Kwa 40,005 weka mkato: «elfu arobaini, na tano». Mimi huutumia mpangilio wa kwanza kwa fedha zote zinazozidi elfu kumi na zenye «na» ndani yake.

Vituo vingine

Kichwa cha habari kisicho na nukta mwishoni hushikamana na sentensi inayokifuata. Kwenye karatasi, ukubwa wa herufi hufanya kazi ya kituo. Sauti haiuoni ukubwa huo. Weka nukta, na ikiwezekana lebo ya pumziko la sehemu ya sekunde. Kwa upande mwingine, nukta za vifupisho huleta vituo visivyotakiwa: «Dkt. Fulani» huweza kutamkwa kama sentensi mbili. Andika «Daktari», «Bwana», «na kadhalika», «shilingi».

Kishazi rejeshi ndicho kinachohitaji mkono wa mwandishi zaidi. Sentensi «Waliopanda mapema wiki hiyo walipalilia» ina maana mbili. Ukitua baada ya «mapema», palizi ilifanyika wiki hiyo. Ukitua baada ya «hiyo», ni kupanda kulikofanyika mapema wiki hiyo. Katika nakala ya sauti weka mkato mahali panapostahili, hata kama kanuni za uandishi hazipendi mkato kati ya kiima na kiarifu. Vivyo hivyo swali la ndiyo au hapana, kama «Umepanda kwa mistari?», hutegemea kiimbo peke yake. Injini ikilisoma kama taarifa, anza na «Je,» na swali litasimama.

Mara chache shadda yenyewe ndiyo inayotenganisha maana. Neno «barabara» likiwa na shadda kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Likiwa na shadda kwenye silabi ya pili ni «sawasawa, kwa ukamilifu». Injini hufuata kanuni ya jumla, hivyo agizo «palilia barabara» litasikika kama amri ya kwenda kulima njia. Usishindane na mashine kwa neno moja. Andika «palilia vizuri».

Majina ya bondeni

Majina ya mahali katika bonde hili ni kipimo kizuri cha sauti yoyote. Ifakara na Kilombero hazina shida: kila silabi ni konsonanti na irabu au irabu peke yake, na shadda iko mahali pake. Mlimba, Mngeta na Mchombe huonyesha kama injini inaijua /m/ inayosimama kama silabi. Kila moja ina silabi tatu, na /m/ ya mwanzo ina pigo lake. Mbingu, kinyume chake, ina silabi mbili tu, kwani /mb/ hapo ni sauti moja yenye unazali. Injini ikiipa Mbingu silabi tatu, au Mlimba silabi mbili, utalisikia kosa mara moja. Udzungwa huleta mfuatano «dz» ambao si wa kawaida katika Kiswahili sanifu. Sikiliza kama «d» imemezwa na kubaki «Uzungwa».

Jina gumu zaidi ni Mang'ula, mji mdogo ulio kando ya Milima ya Udzungwa na yalipo makao makuu ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1992. Ugumu wake umo katika ritifaa. Programu za uandishi hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda bila kuuliza. Kwa jicho ni alama ileile. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Baadhi ya injini zikikutana na ile ya kupinda huikata «Mang» na «ula» kama maneno mawili, au huiacha na kutamka «ng» ya «ngoma». Njia ya kupima ni kuisomesha injini jozi «ng'oa» na «ngoa» kwa aina zote mbili za ritifaa. Maneno hayo yakisikika sawa, tafuta na ubadilishe ritifaa zote ziwe za kunyooka kabla ya kuendelea.

Vifupisho vya taasisi navyo vina desturi zake. TAZARA, TARI na SUA husomwa kama maneno. NMB husomwa herufi moja moja. Mashine haiwezi kuikisia desturi hiyo. Andika «Tazara» kwa herufi ndogo pale unapotaka neno, na tahajia ya matamshi, «en em bi», pale unapotaka herufi.

Tangazo moja, kabla na baada

Hili ni tangazo la mfano, lenye bei na tarehe za kubuni, katika umbo linaloletwa mara nyingi:

```
MAFUNZO YA MPUNGA
Mbegu ya TXD 306. Mang’ula, 14/11, 08:00-12:00.
Miche 2-3 kwa shimo, sm 20 x 20.
Mifuko 8 imebaki, Sh.45,000/= kila mmoja.
```

Nakala ya sauti huandikwa kwa SSML, lugha ya lebo iliyosanifiwa na W3C na inayokubaliwa na huduma nyingi:

```xml
<speak version="1.0"
 xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis" xml:lang="sw-TZ">
<voice name="sw-TZ-RehemaNeural"><prosody rate="-8%">
Mafunzo ya mpunga. <break time="700ms"/>
Tutajifunza kupanda mbegu ya
<sub alias="ti eksi di, mia tatu na sita">TXD 306</sub>.
Mahali ni Mang'ula. Tarehe ni kumi na nne, mwezi wa Novemba.
Tutaanza saa mbili kamili asubuhi,
na kumaliza saa sita kamili mchana. <break time="500ms"/>
Kila shimo, panda miche miwili hadi mitatu.
Nafasi ni sentimita ishirini kwa sentimita ishirini.
Imebaki mifuko minane.
Bei ya mfuko mmoja ni shilingi arobaini na tano elfu.
</prosody></voice></speak>
```

Lebo ya `break` huweka pumziko kwa milisekunde. Lebo ya `sub` huacha maandishi yaonekane yalivyo, lakini hutamkwa kilichomo ndani ya `alias`. Lebo ya `prosody` imepunguza mwendo kwa asilimia nane, kiasi kinachotosha kwa maagizo. Ukizidisha, vokali huanza kuvutika. Ipo pia lebo ya `phoneme`, inayopokea alama za kifonetiki, lakini haitekelezwi kwa kila lugha katika kila injini, nayo inapopuuzwa haitoi onyo. Kwa Kiswahili `sub` hutosha karibu kila mahali. Ama kuhusu mbegu yenyewe, wengi huiita Saro 5, na kama wasikilizaji wako hawatumii msimbo wa TXD, litumie jina lao, tena kwa matamshi yao. Waulize kwanza.

Linganisha pia sentensi zenyewe. Taarifa zilizokuwa zimebanwa katika mstari mmoja zimegawanywa, kila moja ikapata kitenzi au kiungo chake. Jicho linaweza kurudi nyuma kutafuta tarehe, sikio haliwezi.

Imla ya uhakiki

Mwandishi hawezi kuihakiki sauti yake mwenyewe, kwa kuwa anajua inachotakiwa kusema, na sikio lake hujaza pengo. Tumia imla. Mtafute mtu ambaye hajayaona maandishi, mchezeshee sauti mara moja kwa simu yake, kisha mwombe aandike majina, namba na saa alizosikia. Usimuulize kama ameelewa. Atakujibu ndiyo kwa adabu. Tazama alichoandika. Akiandika 40,005, kituo kimekosewa. Akiandika «Mangula», ritifaa imepotea. Akiandika saa 8, rudi kwenye chanzo.

Watu watatu wanatosha kwa tangazo fupi, mradi mmoja wao awe ni wa mahali panapotajwa. Baada ya kila sahihisho rudia sauti nzima, si sentensi iliyorekebishwa pekee, kwani kubadilisha neno moja huweza kuhamisha kituo cha sentensi jirani. Tangazo langu la kwanza lingekamatwa na mtu wa kwanza kabisa kuandika alichosikia.